Mahali Sauti Inapokatika: Kusimulia Machungu Yako Mbele ya Watu

Mwezi Aprili 1996, mjini East London, Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza vikao vyake vya kuwasikiliza walioumizwa na utawala wa ubaguzi wa rangi. Kati ya waliotoa ushahidi wiki ile alikuwemo Nomonde Calata, mjane wa Fort Calata, mmoja wa wanaharakati wanne wa Cradock waliouawa na polisi wa usalama mwaka 1985. Alieleza habari za usiku ambao mumewe hakurudi. Akaeleza jinsi alivyoliona gazeti lenye habari ya gari lililokutwa limeteketea. Maneno hayo mazito aliyapita. Kisha akafika mahali ambapo msikilizaji asingeliona hatari yoyote: alisema alipelekwa nyumbani kwa mke wa Matthew Goniwe, mwingine kati ya wale wanne, akamkuta mwenzake huyo wa msiba analia sana. Hapo ndipo alipojitupa nyuma kitini na kutoa kilio ambacho waliokuwamo ukumbini hawakukisahau. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliahirisha kikao kwa dakika chache. Waliporejea, alianzisha wimbo wa Senzeni Na, ukumbi ukaitikia, na mama yule akaendelea na ushahidi wake hadi mwisho.

Ndani ya tukio hilo kuna karibu kila kitu anachopaswa kukijua mtu anayejiandaa kusimulia machungu yake hadharani. Sauti haikukatika kwenye habari ya kifo. Ilikatika pembeni yake, kwenye kumbukumbu ya machozi ya mtu mwingine. Na njia ya kurudi haikuwa kumwambia ajikaze. Ilikuwa mapumziko mafupi, sauti za watu wengine, kisha kushika tena pale habari ilipoachwa.

Wengi wanaoitwa kusimulia yaliyowapata, iwe kanisani, kwenye semina ya afya, mahakamani au kwenye maadhimisho, hupewa ushauri mmoja tu: jikaze. Ushauri huo una kasoro inayojulikana. Mwaka 2000 watafiti wa saikolojia Jane Richards na James Gross walionyesha kwamba watu wanaozuia hisia zisionekane usoni hukumbuka vibaya zaidi mambo yaliyosemwa wakati huohuo. Kazi ya kuuzuia uso inakula nguvu ileile inayohitajika kushika maneno. Ndiyo maana msimuliaji anayepigana na machozi mara nyingi hushinda machozi akapoteza habari: anabaki ametumbua macho, hajui alikuwa amefika wapi. Kwa hadhira, kuona mtu akilia si tatizo. Linaloitia hofu ni kumwona amepotea.

Koo nalo lina kanuni zake. Mtu anapokaribia kulia, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari, na njia ya hewa hufunguka ili pumzi nyingi iingie. Kusema kunahitaji kinyume chake, yaani nyuzi za sauti zikaribiane. Kumeza pia kunahitaji njia ile ifungwe. Amri hizo mbili zinapogongana ndipo mtu anapohisi donge limekwama kooni. Wakati huohuo misuli ya koo inakaza na kupandisha sauti, ikawa nyembamba, halafu ikapasuka. Pumzi inabaki juu kifuani, mapafu yamejaa hewa isiyotoka. Kwa hiyo kumwambia mtu huyo avute pumzi ndefu ni kumwongezea alichonacho tayari. Anachohitaji kwanza ni kuitoa, polepole, kwa mdomo uliofunguliwa kidogo, kisha aiache mpya iingie yenyewe. Kuitoa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, tuseme kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, hupunguza mapigo ya moyo, na mizunguko miwili au mitatu inatosha.

Hayo yote mtu anaweza kuyafahamu nyumbani na bado akayasahau mbele ya kipaza sauti. Ndiyo sababu mhadhara huu unatilia mkazo karatasi. Njia ya kurudi iandikwe kwenye karatasi ileile yenye habari, mahali hasa ambapo itahitajika, kwa sababu dakika ile kichwa hakitakuwa na nafasi ya kukumbuka mbinu.

Aliyewahi kuhudhuria mazishi ya Kikristo Tanzania bara ameliona jambo hili likifanya kazi bila mtu kulipa jina. Msomaji wa wasifu wa marehemu husimama na karatasi, na karatasi ile ina mpangilio unaofahamika na kila mtu: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, kuugua, kufariki, ameacha mjane na watoto kadhaa. Miaka na majina ya vijiji humpa mahali pa kukanyaga. Sauti ikimpotea, mara nyingi ni kwenye siku za kuugua au kwenye majina ya wajukuu, si kwenye sentensi ya kifo. Na ikimpotea, mama mmoja kati ya waombolezaji huanzisha pambio, watu wakalipokea, na beti mbili baadaye msomaji ana sauti tena. Tutu alifanya jambo lilelile East London.

Tofauti ni kwamba msomaji wa wasifu anasimulia maisha ya mwingine. Anayesimulia yake mwenyewe hana mpangilio aliopewa, na mara nyingi hakuna pambio litakaloanzishwa. Lazima autengeneze mpangilio huo mapema.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya mhadhara huu, lakini wa aina inayotokea. Mwanamume mmoja amefiwa na mkewe kwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, jambo linaloongoza duniani kwa kuua wazazi. Miaka mitatu imepita. Ameombwa azungumze kwa dakika saba mbele ya wanafunzi wa chuo siku ya kuchangia damu. Anataka kukubali, na anaogopa.

Swali la kwanza si namna ya kusoma bali kama wakati umefika. Akiisimulia habari kwa rafiki mmoja sebuleni na akaifikisha mwisho, hata kwa machozi, anaweza kuanza maandalizi. Ikiwa bado anaota usiku ule mara kwa mara na kuamka ametota jasho, au harufu ya dawa za hospitali inamrudisha wodini kiasi cha kusahau alipo, jukwaa lisubiri na mshauri nasaha aonwe kwanza. Kumkatalia aliyealika si udhaifu.

Mtu wetu anaanza kwa kuandika habari yote kwa ajili yake peke yake, bila kujali urefu wala lugha. Katika utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall uliochapishwa mwaka 1986, wanafunzi waliandika kuhusu jambo lililowaumiza zaidi kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Wengi walikuwa na huzuni zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata wale walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Maandishi hayo ya mwanzo si hotuba. Kazi yake ni kwamba hasira kwa muuguzi, ugomvi na shemeji na maswali kwa Mungu yapate pa kukaa, yasije yakajipenyeza jukwaani katikati ya sentensi nyingine.

Baada ya hapo anaandika hotuba yenyewe, fupi, na kuisoma kwa sauti. Kuisoma kimyakimya hakusaidii kitu, kwani macho hupita mahali ambapo koo halipiti. Aisome akiwa amesimama, mbele ya mtu mmoja aliyeshika nakala na kalamu nyekundu. Kila sauti inapotetemeka, msikilizaji anatia alama. Wanarudia siku nyingine, na siku nyingine tena. Alama nyingi za siku ya kwanza hupotea. Zinazobaki mara zote ndizo za kushughulikiwa, na kwa kawaida ni moja au mbili tu.

Mtu wetu alidhani atakwama pale daktari anapotoka na kusema mkewe amefariki. Sentensi hiyo anaisoma kavu. Ameshaisema mara nyingi mno kwa ndugu, kwa majirani, kwa karani wa vyeti vya vifo. Anakwama kwenye chupa ya chai. Mkewe alimwomba amletee chai ya maziwa ikiwa ya moto, naye alikuwa ameishika chupa hiyo mkononi muuguzi alipotoka kumuuliza kama kuna ndugu wa kutoa damu.

Ushauri wa haraka ungekuwa kuifuta chai. Ni ushauri mbaya, maana chai ndiyo inayowafanya wanafunzi wamwone mke yule akiwa mtu na si takwimu. Inayofutwa ni mizigo iliyoizunguka: jinsi alivyocheka alipoiomba, kanga aliyojifunga, kwamba ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yake. Kitu kimoja kinabaki, kwa sentensi fupi, na kinachokifuata kinapangwa kwa makini. Ukurasa wake wa tatu sasa unasomeka hivi:

Saa kumi na moja alfajiri muuguzi alitoka mara ya pili.

[TOA PUMZI. KANYAGA SAKAFU.]

Aliniuliza kama nina ndugu wa kutoa damu. Nilikuwa peke yangu.

[KIMYA. HESABU MPAKA TATU.]

Mkononi nilikuwa na chupa ya chai. Mke wangu aliomba nimletee ikiwa ya moto.

[MEZA. MTAZAME MSAIDIZI.]

Mfuko mmoja wa damu anaotoa mchangiaji una mililita 450 hivi. Usiku ule hapakuwa na mfuko wa kundi lake.

[UKIKWAMA: "Nipeni dakika moja." KUNYWA FUNDA DOGO. USIRUDI NYUMA. ANZA KWENYE "MFUKO MMOJA".]

Agizo la kwanza limewekwa kabla ya hatari, sentensi mbili mapema. Donge likishaingia kooni ni kuchelewa, kwa hiyo mwili unatulizwa wakati bado unasikia. Maneno ya kukanyaga sakafu yana kazi ya kuirudisha akili ukumbini: nyayo zinahisi sakafu ya leo, si ya wodi ya siku ile. Kimya cha hesabu ya tatu kinampa msimuliaji nafasi, na kwa wanafunzi kitaonekana ni sehemu ya masimulizi, hakuna atakayejua kwamba kiliandikwa.

Sentensi ya mfuko wa damu ndiyo sentensi ya kurejea, na haikuchaguliwa kwa bahati. Ni habari ya ukweli mtupu, ina tarakimu, haina mtu anayeumia ndani yake, na inasukuma mbele jambo ambalo wanafunzi wameitwa kulifanya. Akili inayopaswa kutamka 450 inatoka kidogo kwenye huzuni ili ifanye kazi hiyo. Tena inaanza kwa sauti ya M. Koo lililokaza huanza kwa urahisi zaidi na M au N, kwa sababu mvumo wa puani unazikutanisha nyuzi za sauti taratibu. Sentensi inayoanza na irabu, kama "Alikuwa" au "Ilikuwa", huzifunga nyuzi hizo kwa ghafla, na hapo ndipo sauti hupasuka. Kiswahili kina neema ya maneno mengi yanayoanza na M, na msimuliaji ayatumie.

Amri ya kutorudi nyuma ndiyo wengi huivunja. Aliyekwama hujisikia ana deni, akarudia sentensi ileile iliyomwangusha ili aimalize vizuri, na ikamwangusha tena. Hadhira imeshaisikia. Hata kama neno la mwisho lilimezwa na kilio, watu wameelewa. Aanze mbele.

Busara hiyo ya kumvusha mtu mbele ina mfano wake. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia walisaidiwa kwa njia ya masimulizi iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, na baadhi ya waliowahudumia walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Mtu husimulia maisha yake kwa mfuatano tangu kuzaliwa, na anapoingia kwenye tukio la kutisha hasimamishwi katikati. Huvushwa mpaka ng'ambo ya tukio, mahali penye usalama kiasi, ndipo kikao kinafungwa. Karatasi ya hotuba ifuate busara hiyo. Ukurasa usiishie kwenye sentensi ngumu, kwa maana kufunua ukurasa ni kimya kirefu, na msimuliaji atakipitisha akiwa amesimama palepale panapouma. Sentensi ngumu na sentensi yake ya kurejea zikae ukurasa mmoja.

Kuna njia nyingine kwa sehemu isiyokubali kulainika hata baada ya mazoezi mengi. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2014 matokeo yanayoonyesha kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake badala ya kusema "mimi" huhimili vizuri zaidi hali ya wasiwasi. Msimuliaji anaweza kuazima umbali huo kwa sentensi mbili. Mtu wetu, badala ya "nilisimama koridoni," angeandika: "Asubuhi ile palikuwa na mwanamume koridoni, ameshika chupa ya chai, na watu wanampita." Kisha sentensi inayofuata irudi kwenye nafsi yake. Ikitumika mara moja hugusa sana. Ikitumika hotuba nzima, watu huanza kujiuliza ni nani anayezungumziwa.

Karatasi yenyewe iwe ya herufi kubwa, ukubwa wa 16 au 18, mistari ikiachana, kwa kuwa machozi hufanya herufi ndogo ziwe ukungu. Kurasa zisibanwe kwa pini, zipewe namba, maagizo yaandikwe kwa rangi tofauti ndani ya mabano ili yasije yakasomwa kwa sauti. Simu haifai kwa kazi hii. Kioo chake huzima wakati wa kimya, na kidole kinachotetemeka hupeleka maandishi kusikojulikana.

Msaidizi anastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiye anayechaguliwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Watu humweka dada au mama mbele ili wapate nguvu. Lakini kilichomwangusha Nomonde Calata kilikuwa kumbukumbu ya mwenzake akilia, na uso wa ndugu aliye katika msiba uleule ni mlango wa kilio hichohicho. Katika vikao vya tume ile, shahidi aliketi na mtu aliyepewa kazi ya kumtunza, mwenye maji na leso, asiye sehemu ya msiba wake. Msaidizi mzuri ni rafiki mtulivu au mfanyakazi mwenzake, aliyesikia hotuba wakati wa mazoezi mpaka haimshtui. Ana nakala kamili. Wamekubaliana ishara moja: msimuliaji akiweka kiganja juu ya karatasi, msaidizi anainuka na kusoma kuanzia sentensi ya kurejea mpaka mwisho wa ukurasa. Mara nyingi ishara haitumiki. Kule kujua tu kwamba ipo kunalegeza koo.

Mwongozaji wa shughuli naye aandaliwe. Tutu mwenyewe, katika siku zilezile za mwanzo, alizidiwa na ushahidi wa mzee Singqokwana Malgas akainamisha kichwa mezani akilia. Baadaye alijutia jambo hilo, kwa kuwa kamera zilimgeukia yeye badala ya mwenye habari. Mwongozaji anayedakia kwa makofi, anayemwita msimuliaji shujaa kabla hajamaliza, au anayemkumbatia katikati ya sentensi, anamvunjia njia yake ya kurudi. Aambiwe mapema kwamba kimya cha sekunde kumi kitatokea na kwamba hatakiwi kukijaza.

Neno "samahani" nalo liachwe nyumbani. Anayelisema mara tatu anaifanya hadhira imbembeleze, na kutoka hapo shughuli inamhusu yeye na machozi yake. "Nipeni dakika moja" inatosha, na wasikilizaji wataijibu kwa "pole", na hiyo pole aipokee kwa kutikisa kichwa bila kuongeza neno. Dawa za usingizi au za kutuliza, ambazo wengine humeza saa moja kabla, hukausha kinywa na kufanya ulimi uwe mzito. Na maji yanywewe kwa funda dogo baada ya pumzi kutoka. Kugugumia maji katikati ya kwikwi ni kujipalia.

Hatari ya upande wa pili ni mazoezi kupita kiasi. Ikiwa msikilizaji wa mazoezi anaanza kusema habari imekuwa kama tangazo la redio, hotuba ipumzishwe siku kadhaa. Lengo si kuikausha.

Lakini ipo hali ambayo karatasi haiwezi kuisaidia, na msaidizi anapaswa kuitambua. Anayelia anajua alipo: anatafuta leso, anaitazama hadhira, anasikia jina lake. Aliyerudishwa ndani ya tukio hajui. Macho yamekaza upande mmoja, hajibu akiitwa, pengine anazungumza kana kwamba mambo yanatokea sasa. Nchini Rwanda, katika kumbukumbu za mauaji ya kimbari kila Aprili, baadhi ya manusura hupatwa na hali hii kwa nguvu kiasi cha kupiga mayowe, na watu waliofunzwa huwa tayari kuwatoa nje. Hapo hotuba inakoma. Msaidizi anamsogelea kutoka mbele ili aonekane, hamshiki ghafla, anamtaja kwa jina, anamwambia yuko wapi, ni siku gani, na kwamba yuko salama. Anamwomba akanyage chini na ataje vitu anavyoviona ukumbini. Kurudi kwenye kipaza sauti siku hiyo kusijadiliwe.

Kwa mtu wetu wa chai, siku ikifika, kinachosalia ni saa ya baada ya hotuba, ambayo watu wengi hawaipangi kabisa. Mwili uliojizuia kwa dakika saba utaachia ukiwa nje: magoti yatatetemeka, baridi itampata, wengine husikia njaa kali. Maswali ya wanafunzi yaandikwe kwenye vikaratasi na yapitie kwa mwongozaji, kwa sababu lipo swali moja ambalo karibu kila hadhira huliuliza, kama amemshtaki aliyehusika, na hajaliandikia sentensi ya kurejea. Msaidizi amtoe ukumbini, wakae mahali pasipo na watu kwa nusu saa, ale kitu, na kazi za jioni ile zifanywe na mwingine. Jambo la kuuliza ni moja tu: kama ukurasa wa tatu ulipitika, na kama haukupitika, ni kwenye neno gani, ili alama nyekundu isogezwe kabla hajaalikwa tena.